Pepo ni ya nani, na ua ni wa nani?

Jumatano ya tarehe 5 Machi 2025, saa saba mchana hivi, kijana mmoja alilimwagia ndoo ya maji jiko la mkaa la mpangaji mwenzake katika nyumba ya vyumba sita huko Jang'ombe, Unguja mjini. Jikoni palikuwa na kikaango cha dagaa, na pembeni sufuria ya wali iliyokwisha paliliwa. Majivu yaliruka ua mzima. Mwenye jiko akabaki amesimama na mwiko mkononi, na kwenye paji la uso wake mlikuwa na majivu mengine, ya msalaba, aliyopakwa alfajiri ile kanisani Minara Miwili.

Nilikuwepo. Mwenye nyumba ni mama yangu mkubwa, na nilikuwa nimempelekea tende.

Ramadhani ilikuwa na siku chache tu, na siku hiyohiyo Wakatoliki walikuwa wanaanza Kwaresima yao. Mama yule mpangaji alikuwa amefunga. Chakula kile hakikuwa chake, kilikuwa cha mama yake mzazi, mgonjwa wa sukari aliyekuja kutoka Bukoba, anayechoma sindano ya insulini asubuhi na asipokula mchana huanza kutetemeka na jasho kumtoka. Na kilikuwa dagaa kwa sababu Jumatano ya Majivu Mkatoliki hali nyama. Kwa hiyo aliyemwaga maji alikuwa na funga yake, na aliyemwagiwa alikuwa na yake, na kati yao alikuwepo mgonjwa ambaye dini zote mbili zinamruhusu kula.

Nimesoma dini linganishi na kuisomesha kwa miaka kadhaa, na nikiwa Mwislamu wa Kishafi wa Ng'ambo sina cha kuficha juu ya mahali ninaposimama. Kilichotokea jioni ile katika ukumbi wa mama mkubwa kimenifanya niitazame upya ramani tunayowapa wanafunzi, kwa sababu watu watatu walizungumza pale, na kila mmoja alizungumza kwa msimamo wake kama vile ametoka kwenye ukurasa wa darasani. Lakini matokeo yake yalikuwa kinyume na yale ambayo ramani inatufanya tuyategemee.

Ramani yenyewe ni hii. Mwaka 1983 Alan Race, kasisi wa Kianglikana wa Uingereza, aliwapanga wanateolojia wa Kikristo katika mafungu matatu kwa kuwauliza swali moja: asiyemfuata Yesu, mwisho wake ni nini? Wenye msimamo wa upekee wanajibu kwamba njia ya wokovu ni moja, na aliye nje ya njia yuko nje. Wenye ujumuishi wanakubali kwamba njia ni moja, ila wanaona rehema yake humfikia hata mtu asiyeijua. Mjerumani Karl Rahner alifika mahali pa kusema wapo watu walio Wakristo pasipo kujijua. Wenye msimamo wa uwingi, na mtetezi wao mkubwa ni Mwingereza John Hick, wanasema njia ni nyingi na zote zinauelekea Uhalisi mmoja ambao hakuna dini iliyoumaliza. Hick aliufananisha mtazamo wake na yale mapinduzi ya elimu ya nyota: tuache kudhani dini yetu ndiyo jua, tuione kuwa ni sayari mojawapo kati ya nyingi zinazolizunguka.

Waislamu tunayo mazungumzo hayo kwa maneno yetu wenyewe. Aya ya 85 ya Aal Imran inasema atafutaye dini isiyokuwa Uislamu haitakubaliwa kwake. Aya ya 62 ya al-Baqara inawataja Mayahudi, Wakristo na Wasabai walioamini Mungu na Siku ya Mwisho wakatenda mema, kwamba wana ujira wao kwa Mola wao. Wanavyuoni wameziunganisha aya hizo kwa namna mbalimbali, na mmoja wao ni imamu mkubwa wa madhehebu yetu, Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Aliwagawa Wakristo wa Rumi wa zama zake mafungu matatu: wasiopata kulisikia jina la Mtume, waliomjua sawasawa wakamkataa, na waliolisikia jina lake tangu utotoni likiwa limechafuliwa kwa uongo. Fungu la kwanza na la tatu, alisema, wana udhuru. Tazama alivyofanya: hakusema Ukristo ni njia nyingine ya haki, lakini hakuufunga mlango wa pepo kwa kila asiyekuwa Mwislamu. Mtu huyu, kwa hesabu ya Race, yuko mlango wa kati.

Jioni ile, baada ya sala ya Alasiri, tulikaa ukumbini. Wa kwanza kusema alikuwa mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili, mtu mpole ambaye mtaa mzima humwendea kuandikiwa barua. Alisema: "Jamani, Mungu ni mmoja. Dini zote ni moja, zinazotofautiana ni lugha tu. Tunagombania nini?"

Kijana akajibu bila ukali: "Mwalimu, kama zote ni moja, mimi nimefunga kwa ajili ya nini?"

Lililonishangaza zaidi ni kauli ya yule mama, ambaye mwalimu alikuwa amekuja kumtetea. "Shikamoo mwalimu. Nisamehe, lakini mimi siamini hivyo. Mimi ninamfuata Yesu."

Mwalimu alikuwa ameleta amani, na wote wawili wameikataa kwa sababu moja. Wanafalsafa wa dini wamelijadili hili kwa kirefu. Gavin D'Costa ameandika kwamba mwenye msimamo wa uwingi naye ana ukweli wake wa pekee, maana anawaambia wafuasi wote wa dini kwamba wamekosea kuhusu dini zao na yeye ndiye aliyeona. Darasani hoja hiyo huonekana ya ujanja ujanja. Ukumbini Jang'ombe ilikuwa wazi kama mchana. Kumwambia Mkatoliki mwenye majivu usoni kwamba Yesu ni lugha tu, na kumwambia Mwislamu mwenye njaa ya siku nzima kwamba funga yake ingeweza kuwa kitu kingine chochote, ni kuwaomba waache kile kile kinachowafanya wavumilie. Na mtu hawezi kupatanishwa na jirani yake kwa kuambiwa kwanza kwamba hakuna kilichokuwa na maana.

Wa pili alikuwa imamu wa msikiti wa karibu, na kwake yeye nina heshima ya pekee kwa aliyoyafanya baadaye. Alisema huyu ni katika watu wa Kitabu, kwamba Bibi Maryamu ana sura nzima katika Qurani, kwamba leo hii mama huyu kafunga kama sisi. "Huyu ni mwenzetu," alisema, "imebaki hatua moja." Akapendekeza mama afunge nao mwezi wote na afuturu nao, na chakula cha mgonjwa kitoke nyumbani kwake yeye imamu. Hakusema bure. Siku tatu mfululizo mtoto wake alileta hotpoti ya mihogo ya nazi na samaki.

Mama alishukuru. Lakini siku nyingine alinieleza kilichomkaa moyoni: imamu alimkarimu mtu ambaye anatarajia atakuja kuwa, na yeye aliyekaa pale kwenye mkeka hakuulizwa. Alikuwa na funga yake, yenye siku zake na namna yake ya kula, na ghafla ikageuzwa kuwa kipande cha funga ya wengine. Ndiyo hali ile ambayo Waislamu wengi huihisi wanapoambiwa kuwa ni Wakristo wasiojijua. Sisi wenyewe hatulioni tunapolifanya, kwa sababu kwetu linatoka katika upendo na lina mizizi: kila mtoto huzaliwa juu ya fitra, yaani katika umbile la Uislamu, na ndiyo maana wako Waislamu wanaosema anayesilimu "amerudi". Anayeambiwa amerudi mahali ambapo hajapata kufika ana haki ya kujiuliza ametazamwa nani.

Kisha akasema mama mkubwa. Ana miaka sabini na ushei, hajui jina la Hick wala la Rahner, na katika wote watatu yeye ndiye mwenye msimamo mkali kuliko wote.

"Mwanangu, mimi sitakudanganya. Dini ya haki kwangu ni Uislamu, na ukifa na hiyo uliyonayo nakuogopea." Ukumbi ukanyamaza. Halafu akamgeukia kijana. "Makaa yale uliyoyamwagia maji ya nani?"

"Yake."

"Na dagaa?"

"Wake, bi mkubwa."

"Basi hiyo haki ya mja. Mwenyezi Mungu atakusamehe haki yake akitaka. Ya huyu hakusamehe mpaka asamehe mwenyewe. Sasa usinitazame mimi, mtazame yeye."

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atue nami. Mgawanyo wa haki ya Mungu na haki ya mja si maneno ya busara ya bibi, ni mlango kamili katika fiqhi. Dhambi iliyo baina yako na Mola wako, kama kuacha sala, dawa yake ni toba: kuacha, kujuta, kuazimia kutorudi. Dhambi iliyomgusa mtu inahitaji sharti la ziada, kurudisha alichopoteza au kupata radhi yake. Na mtu huyo hatajwi dini. Jirani, mfanyakazi, aliyekukopesha, awe Mwislamu au asiwe, haki yake inasimama pale pale. Kijana aliijua hadithi ya yule aliyefilisika, atakayekuja Siku ya Kiyama na sala zake na funga zake na zaka zake, kisha wakagawiwa wale aliowatukana, aliowala mali na aliowapiga, mpaka mema yake yaishe. Kila Ramadhani husomwa misikitini. Hakuwa ameifikiria pamoja na dagaa wa mpangaji wa bara.

Mama mkubwa akaendelea kwa maswali, na kila swali lilipunguza ukubwa wa ugomvi. Ni kupika kulikokatazwa? Haiwezekani, maana kuanzia Alasiri ua wote ule unapika futari. Ni mgonjwa kula? Hapana, Qurani yenyewe imemtoa mgonjwa. Kilichobaki kilikuwa kidogo sana: harufu ya kukaanga saa saba mchana katika ua ambao watu wengine kumi na wawili wamefunga. Hilo lina dawa. Wakakubaliana kwamba mama atapika kabla ya saa nne asubuhi, chakula kikae kwenye hotpoti, mgonjwa ale chumbani mlango ukiwa na pazia. Kijana atalipa ndoo ya makaa na nusu kilo ya dagaa, na ataomba radhi mbele ya mgonjwa mwenyewe. Kisha mama mkubwa akauliza swali ambalo hakuna mwingine aliyelifikiria: "Na nyinyi mnataka nini kwetu mwezi huu?" Mama alisita, akasema kwamba usiku kijana hufungulia mihadhara kwenye spika ya simu, ile ya kuponda Utatu, hadi saa sita, na mgonjwa yuko upande wa pili wa ukuta. Kijana akanunua visikilizio vya masikioni.

Sasa irudie ile ramani. Ukimwuliza mtu wa semina ni yupi kati ya watatu hawa anayefaa kupelekwa kwenye meza ya mazungumzo ya dini, atamchagua mwalimu, akikosekana imamu. Mama mkubwa hataalikwa, kwa kuwa anaamini aliye mbele yake yuko hatarini kesho akhera. Wa maana zaidi, yule kijana pia hataalikwa. Nimekaa katika vikao vingi vya aina hiyo mjini kwetu, na mara nyingi nimeona wanaokutana ni wale wasiokuwa na ugomvi. Wanatoa tamko zuri, wanapiga picha, na mwenye ndoo ya maji yuko Darajani anauza simu, hajui kama kikao kilikuwepo.

Kosa, kwa maoni yangu, liko kwenye neno upekee lenyewe. Tunalitumia kwa mambo matatu tofauti kana kwamba ni moja. Upo upekee wa ukweli: naamini dini yangu ni sahihi na pale inapopingana na yako, yako imekosea. Upo upekee wa wokovu: naamini asiyeifuata hataokoka, na Ghazali ametuonyesha kwamba mtu anaweza kuushika ule wa kwanza kwa mikono miwili na huu akaulegeza. Na upo upekee wa mahali: naamini ua huu, mtaa huu, kisiwa hiki ni cha dini yangu, na wewe uko hapa kwa hisani. Mama mkubwa alikuwa na mawili ya kwanza bila kupunguza chochote. Kijana alipomwaga maji alikuwa na la tatu. Race aliwauliza watu juu ya la pili, na majibu yao hayatuambii kitu juu ya la tatu.

Historia ya mji wetu inanisadikisha hivyo. Masultani wetu wa Kibusaidi walikuwa Waibadhi, na raia wao Waislamu wengi walikuwa Mashafi. Mafundisho ya Kiibadhi yako wazi kwamba wao ndio watu wa haki, na Waislamu wengine wana upungufu mkubwa. Lakini upungufu huo wanauita kufuru ya neema, yaani kuikosea shukrani neema ya Mungu, si ushirikina, na kwa hiyo mtaoana, mtarithiana, mtasali pamoja na kuzikana. Upekee wa ukweli ukawekewa mpaka kwa neno moja la fiqhi. Mjini palikuwa na makadhi wa Kiibadhi na makadhi wa Kisunni, kila mmoja akihukumu watu wake, na Sayyid Ahmad bin Sumait, mmoja wa wanavyuoni wakubwa wa Kishafi waliopata kutokea pwani hii, alikuwa kadhi chini ya masultani hao. Palipoharibika ni pale mahubiri yalipogusa kiti: Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui wa Mombasa alitiwa ndani na Sultani Barghash kwa kusomesha dhidi ya Uibadhi, na hakutoka mpaka Barghash alipofariki mwaka 1888. Imani ya Barghash ilikuwa ile ile siku zote. Kilichobadilika ni kwamba safari hii aliona nchi inaguswa.

Mfano wa pili ninaupenda zaidi. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wa Waanglikana na kujenga kanisa la Mkunazini mahali palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, hakuwa mtu wa kusema dini zote ni moja. Alikuja Unguja kuwabatiza watu. Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawi, kadhi wa Kishafi mwenye asili ya Barawa, hakuwa mtu wa kusema hivyo pia, na alijadiliana na wamisionari akiukataa Ukristo kwa hoja. Lakini Steere mwenyewe aliandika katika dibaji ya kitabu chake cha lugha yetu, kilichotoka mwaka 1870, kwamba Sheikh Abdulaziz alijitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili safi. Hakupata shida na sheikh. Shida moja aliyoiandika ni kwamba Kiswahili chake kilikuwa cha kisomi mno kwa kazi ile. Watu wawili, kila mmoja akiamini mwenzake amepotea, walikutana kwenye kitabu kimoja. Wala sioni kama ilikuwa kinyume na imani zao. Kwa kadhi, Zaburi ni kitabu cha Daudi, mtume wake. Kwa Steere ni kitabu chake cha sala cha kila siku. Kila mmoja aliingia kwa mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Watu wa miaka yangu tunakumbuka kisiwa hiki mwaka 2012 na 2013. Makanisa yalichomwa Mei 2012. Novemba ya mwaka ule Sheikh Fadhil Soraga, katibu wa Mufti, alimwagiwa tindikali akiwa katika mazoezi yake ya asubuhi. Siku ya Krismasi Padri Ambrose Mkenda alipigwa risasi akanusurika, na tarehe 17 Februari 2013 Padri Evarist Mushi aliuawa akienda kusalisha misa. Simtaji mkosaji hapa. Nayakumbuka maneno yaliyokuwa barazani siku hizo, na hayakuwa juu ya Utatu wala juu ya nani ataingia peponi. Yalikuwa juu ya Muungano, juu ya ardhi, juu ya watu wa bara kuongezeka, juu ya Zanzibar ni ya nani. Kikao chochote kilichokwenda kwenye moto ule na mada ya "sote tunamwabudu Mungu mmoja" kilikuwa kinajibu swali ambalo halikuulizwa. Na tuone kwamba kati ya walioumizwa alikuwemo sheikh. Upekee wa mahali humtafuta kwanza mtu wa ndani anayeonekana kuulegeza mpaka.

Ndiyo sababu sikubaliani na namna tunavyoiendesha Ramadhani mjini. Kutokula hadharani mchana ni adabu ya kisiwa hiki, na wageni wengi huishika kwa moyo mmoja. Nimeona makuli Wakristo bandarini wanaingia nyuma ya kontena kunywa maji bila kuambiwa. Lakini si mwaka mmoja wala miwili tumesikia watu wakikamatwa na polisi kwa kula mchana, huku katika hoteli za watalii kifungua kinywa na chakula cha mchana vinaendelea nyuma ya pazia. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, kifungu cha 19, inalinda uhuru wa imani. Ikiwa mtalii anaruhusiwa pazia na mpiga zege wa bara anapewa pingu, basi tunachokilinda si utukufu wa mwezi, kwa kuwa mwezi ni ule ule kwa wote wawili. Tunamwonyesha mmoja wao kwamba yuko hapa kwa hisani. Adabu ikilazimishwa kwa askari, aliyekuwa akiitoa kama zawadi hana tena cha kutoa.

Sitaki msomaji aondoke akidhani ukumbi wa mama mkubwa ulikuwa mahakama ya haki tupu. Aliyepatanisha ndiye mwenye nyumba. Kodi ya mama yule ilikuwa ya mwezi kwa mwezi, na Ramadhani si wakati wa kutafuta chumba. Mtu katika hali hiyo hukubali mengi na kusema ahsante. Kwa hiyo suluhu ya aina hii lazima ipimwe, na kipimo si kama watu walishikana mikono. Ninatazama mambo mawili. La kwanza, je, aliye mnyonge aliomba kitu na akakipata, au alipewa masharti tu? Pale lipo la spika, na bila swali lile la mwisho la mama mkubwa lisingekuwepo. La pili, gharama ya amani ilimwangukia nani? Nilipouliza hilo wiki mbili baadaye nilikuta kijana amelipa makaa na dagaa, na aliomba radhi akiwa amechuchumaa kando ya kitanda cha mgonjwa, ambaye alimjibu kwa Kihaya maneno ambayo hakuna aliyeyatafsiri. Lakini kupika kabla ya saa nne kulimaanisha mama yule, anayeingia kazini saa moja asubuhi siku nyingi za wiki, aamke saa tisa usiku kama wanaokula daku, pasipo kuwa na daku ya kula. Hilo halikusemwa ukumbini. Alilibeba mwenyewe mwezi mzima.

Nilipomsomea mama yule sehemu zinazomhusu katika makala hii, ili aniambie kama nimemkosea, alisikiliza mpaka mwisho akiwa anachambua mchele. Alikubali yote. Kisha akasema, "Andika na hili, kaka. Lile pazia nililinunua mimi."